Kuwasha kompyuta ya nyumbani kwa Wake on LAN kupitia WireGuard: pakiti inaingia kwenye tuneli lakini mashine haiamki

Mshumaa_7

Wakuu, habari za jioni. Naombeni macho yenu hapa.

Kompyuta ya mezani iko nyumbani Dar, mimi siku tano za wiki niko Dodoma. Nyumbani kuna ruta ya kawaida (192.168.1.1), Raspberry Pi inayoendesha WireGuard (192.168.1.10), na kompyuta yenyewe (192.168.1.20). Pi na kompyuta zote zimechomekwa kwa waya kwenye ruta. Ndani ya tuneli Pi ni 10.8.0.1 na laptopu yangu ni 10.8.0.2.

Nikiwa nyumbani, kompyuta ikiwa imezimwa kabisa, naiamsha kwa laptopu kila mara bila shida. Nikiwa Dodoma naweza kuingia kwenye Pi, naweza kufungua ukurasa wa ruta, yaani tuneli ni nzima. Ila kompyuta haiamki. Nimejaribu hizi tatu:

```
wakeonlan 00:00:5e:00:53:20
wakeonlan -i 192.168.1.255 00:00:5e:00:53:20
wakeonlan -i 192.168.1.20 00:00:5e:00:53:20
```

(Anwani ya MAC nimeibadilisha, msihangaike nayo.) Ya tatu ndiyo inanichanganya: juzi ilifanya kazi mara moja, jana na leo imegoma. Kwenye laptopu nimeweka hivi:

```
AllowedIPs = 10.8.0.0/24, 192.168.1.0/24
```

Tatizo ni WireGuard au ni mimi?

---

Pwagu88

Mkuu mbona unajitesa? Weka programu ya kushika skrini kwa mbali, unaingia kwenye kompyuta yako popote ulipo kwa namba tu. Mimi natumia hiyo mwaka wa pili, sijawahi kuhangaika na mambo ya VPN.

---

Mshumaa_7

@Pwagu88 hiyo ninayo, shida si skrini. Mashine imezimwa. Hakuna programu yoyote inayokimbia humo hadi iwake kwanza.

---

DogoKebo

Kaka tatizo lako ni poti. Ingia kwenye ruta, fungua UDP poti 9, ielekeze 192.168.1.20. Wengine wanatumia poti 7. Mimi nilifanya hivyo na naamsha mashine yangu kutoka ofisini kwa simu, hata VPN situmii.

---

Bi_Seva

DogoKebo, poti haina kazi hapo. Kadi ya mtandao ya kompyuta iliyozimwa haijui UDP wala poti. Kinachobaki hai ni kipande kidogo cha kadi kinacholishwa umeme wa akiba wa ubao, na kinatafuta mfuatano mmoja tu ndani ya kila fremu inayopita: baiti sita za FF, halafu MAC yake ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Ikitumwa kwa poti 9, poti 7 au poti 40000, kadi inaona kitu kilekile.

Na hiyo njia ya kuelekeza kwa 192.168.1.20 ndiyo iliyomchanganya Mshumaa kwenye amri ya tatu, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ukituma kwa 192.168.1.20, pakiti inavuka tuneli vizuri kabisa, maana ni anwani ya kawaida na AllowedIPs inairuhusu. Inafika kwenye Pi. Sasa Pi inatakiwa kuiweka kwenye waya wa nyumbani, na kwenye waya hakuna IP, kuna MAC. Kwa hiyo Pi inauliza kwa ARP: nani mwenye 192.168.1.20? Mashine imezimwa, hakuna wa kujibu. Pi inaitupa pakiti. Anwani ya MAC umeiandika ndani ya pakiti, ni kweli, lakini Pi haisomi mzigo. Inasoma bahasha.

Kwa nini juzi ilikubali? Kwa sababu Pi ilikuwa bado inakumbuka jibu la zamani. Linux haifuti haraka ilichojifunza kwa ARP. Mashine ikizimwa, ile safu inabaki na alama ya STALE, maana yake "naifahamu lakini sijaihakiki karibuni". Pakiti ya kwanza inayokuja inatumwa hapohapo kwa kumbukumbu hiyo ya zamani, kisha Pi inasubiri sekunde kama tano na kuanza kuhakiki. Isipojibiwa, safu inageuka FAILED. Kwa hiyo unapata nafasi moja, ikipita imepita.

Swali kwako: kabla ya kutuma, huwa unaipingi kwanza ili kuona kama imezimwa?

---

Mshumaa_7

Duh. Ndiyo. Kila mara. Juzi sikupingi, nilituma moja kwa moja.

---

Bi_Seva

Basi hiyo pingi ndiyo inayoichoma nafasi yako. Unapopingi, Pi inatumia kumbukumbu ya zamani, haipati jibu, inahakiki mara tatu, inakata tamaa. Sekunde nane hivi. Ukija na pakiti ya kuamsha baada ya hapo, hakuna MAC ya kuandika kwenye bahasha. Ingia kwenye Pi utaona mwenyewe:

```
ip neigh show 192.168.1.20
```

Ukikuta `STALE` bado una nafasi. Ukikuta `FAILED`, au hakuna mstari wowote, huna.

---

DogoKebo

Lakini dada, yangu inafanya kazi kila siku na si kwa bahati. Hata baada ya saa nane.

---

Bi_Seva

Unaizima au unailaza?

---

DogoKebo

Nailaza. Ile ya Sleep.

---

Bi_Seva

Ndiyo hiyo. Windows ikilala inaweza kuikabidhi kadi kazi ya kujibu ARP kwa niaba yake. Device Manager, kwenye kadi, kichupo cha Advanced, tafuta "ARP Offload". Ruta yako inauliza nani mwenye IP fulani, kadi inajibu ikiwa usingizini, pakiti inafika. Izime kabisa kwa Shut down, subiri nusu saa, jaribu tena, halafu rudi hapa.

Na ukiweza ifunge hiyo poti. Umeacha mlango wa mtandaoni ambao yeyote mwenye MAC yako anaweza kuugonga. Atakachoweza ni kuwasha mashine tu, sawa, lakini kama unaweza kuweka VPN, poti wazi ya nini?

---

KitungaWaya

Bi_Seva kamaliza amri ya tatu. Mimi nichukue ya kwanza na ya pili, maana zinashindwa kwa sababu mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya.

Amri ya kwanza, bila `-i`, inatuma kwa 255.255.255.255. Hiyo ni mbiu ya pale uliposimama: "wote mlio kwenye waya huu". Hakuna ruta duniani inayotakiwa kuivusha kwenda waya mwingine. Na kwa mipangilio yako haikuingia hata kwenye tuneli. WireGuard inachagua mwenza wa kumtumia kwa kuangalia AllowedIPs, na 255.255.255.255 haimo. Kwa hiyo imetoka kwenye waifai ya Dodoma, ikawafikia majirani zako ambao hawakuhusika.

Kuna wanaosema weka `0.0.0.0/0` ili kila kitu kipite. Sawa, itapita. Itafika kwenye Pi, na Pi itaona mbiu inayosema "wote mlio hapa", itaichukua kuwa yake, na itaishia hapo. Umeihamisha sehemu ya kufia tu.

Amri ya pili ndiyo tamu. 192.168.1.255 ni brodkasti ya mtandao wa nyumbani kwako. Laptopu yako ikiwa Dodoma haijui kwamba ni brodkasti. Kwake ni anwani kama nyingine, iko ndani ya 192.168.1.0/24, inaingia tuneli. Inasafiri kwa amani hadi kwenye Pi. Pi ndiyo inayojua, kwa sababu Pi ina mguu kwenye mtandao huo. Fungua madirisha mawili ya SSH kwenye Pi, moja lisikilize upande wa tuneli, jingine upande wa waya, kisha tuma amri ya pili kutoka kwenye laptopu:

```
sudo tcpdump -ni wg0 udp port 9
sudo tcpdump -ni eth0 udp port 9
```

Leta majibu hapa.

---

Mshumaa_7

Dirisha la wg0:

```
IP 10.8.0.2.51544 > 192.168.1.255.9: UDP, length 102
```

Dirisha la eth0 kimya. Nimetuma mara sita, kule sita, huku sifuri.

---

KitungaWaya

Umeona. Urefu 102, yaani pakiti ni nzima, haikuharibika njiani. Imeingia mlango wa wg0 na haikutokea eth0. Angalia na hii:

```
ip route show table local | grep broadcast
```

Utaona mstari wenye `broadcast 192.168.1.255 dev eth0`. Hiyo ni orodha ya anwani ambazo Pi inaziona kuwa ni zake za kupokea. Pakiti iliyoelekezwa huko inapokelewa ndani, hakuna programu inayoisubiri poti 9, imekwisha. Haipelekwi mbele, hata kama `ip_forward` ni 1. Ile `ip_forward` ni ya pakiti za mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja.

Na si ukaidi wa Linux. Zamani ruta zilikuwa zinazivusha hizi brodkasti za kuelekezwa. Wahuni wakagundua wanaweza kutuma pingi moja kwa anwani ya .255 ya mtandao wa watu, wakighushi anwani ya anayetuma, na mashine zote za mtandao ule zikamjibu mtu asiyehusika hadi azidiwe. Shambulio la Smurf. RFC 2644 ya Agosti 1999 ikasema ruta isivushe hadi mwenyewe aamue kuruhusu. Tangu hapo mlango umefungwa kwa chaguo-msingi karibu kila mahali.

---

zege_la_data

Kama tatizo ni WireGuard kutobeba brodkasti si utumie OpenVPN kwa tap? Tap inabeba fremu nzima za Etaneti, unaunganisha tap0 na eth0 kwa daraja, laptopu inakuwa kama imechomekwa kwenye swichi ya nyumbani. Amri ya kwanza kabisa itafanya kazi kama ilivyo.

---

KitungaWaya

Kweli, itafanya kazi. WireGuard haina MAC wala ARP ndani yake, inabeba pakiti za IP tu. Tap inabeba kila kitu.

Na hapo ndipo pa kufikiri. Kila kitu ni kila kitu: kila ARP ya televisheni, kila printa inayojitangaza, kila simu inayoomba anwani ya DHCP, vyote vinasafiri hadi Dodoma kwa bando lako. Usipokuwa makini laptopu inachukua DHCP ya nyumbani pamoja na njia yake ya kutokea, na mtandao wote unazunguka Dar. Na ukitaka kuamsha kwa simu umekwama, maana Android inazipa programu za VPN tun tu, haina tap. iPhone ni hivyohivyo.

Yaani unabomoa ukuta wa nyumba ili upitishe bahasha ya baiti 102.

---

zege_la_data

Haha sawa. Je ZeroTier? Hiyo najua inabeba brodkasti na haina usumbufu wa daraja.

---

Bi_Seva

Inabeba kati ya wanachama wake. Kompyuta iliyozimwa si mwanachama, kwa sababu programu ya ZeroTier ndani yake imezimwa pamoja nayo. Brodkasti itafika kwa Pi na laptopu na kuishia hapo, hadi uweke daraja kwenye Pi, na tumerudi kulekule. Wanaoweka Tailscale kwenye kompyuta yenyewe na kutegemea kuiamsha kwa anwani yake ya 100.x wanaangukia shimo hilohilo: anwani ile inazimika na mashine.

---

KitungaWaya

Mshumaa, sasa suluhisho. Usiivushe brodkasti. Vusha amri, brodkasti izaliwe nyumbani. Una Pi inayokaa macho saa 24 na iko kwenye waya mmoja na kompyuta. Kwenye Pi:

```
sudo apt install wakeonlan
wakeonlan -i 192.168.1.255 00:00:5e:00:53:20
```

Kutoka kwenye laptopu, kupitia tuneli:

```
ssh pi@10.8.0.1 wakeonlan -i 192.168.1.255 00:00:5e:00:53:20
```

Pakiti inayozaliwa kwenye Pi inatoka eth0 ikiwa na MAC ya ff:ff:ff:ff:ff:ff kwenye bahasha, haihitaji ARP, swichi inaimwaga kwenye poti zote, na kadi iliyolala inaisikia. Hiyo `-i 192.168.1.255` iandike hata ukiwa kwenye Pi. Ukiiacha inatuma 255.255.255.255, ambayo inafuata njia kuu ya kutokea. Kwenye Pi yenye waya na waifai kwa pamoja hapo ndipo watu wanapopotea.

Ukitaka kitufe cha kubonyeza kwenye simu, tengeneza ufunguo wa SSH wa pekee na uufunge kwa amri moja. Kwenye Pi, ndani ya `~/.ssh/authorized_keys`, mstari mmoja:

```
command="/usr/bin/wakeonlan -i 192.168.1.255 00:00:5e:00:53:20",restrict ssh-ed25519 AAAA...
```

Mwenye ufunguo huo hata akiandika amri nyingine, Pi itaendesha hiyo tu. Simu ikiibiwa, mwizi anachoweza ni kukuwashia kompyuta.

---

Mshumaa_7

IMEAMKA. Mara tatu mfululizo. Nimepingi kwanza makusudi, safu ikawa FAILED, na bado imeamka. Asanteni sana wakuu, Bi_Seva shikamoo.

---

Bi_Seva

Marahaba, lakini sijazeeka hivyo.

---

msafiri_wa_Maskati

Nadakia hapa kwa swali langu. Niko Maskati, nyumba iko Mombasa, mipangilio ni kama ya Mshumaa. Ila kwangu hata pakiti ya 192.168.1.255 haionekani kwenye wg0 ya nyumbani. tcpdump kimya pande zote. Nikitumia data ya simu inaonekana, nikitumia waifai ya hapa ninapokaa haionekani. Waifai ya hapa inazuia UDP?

---

KitungaWaya

Ingezuia UDP tuneli yenyewe isingesimama, WireGuard ni UDP tupu. Angalia anwani uliyopewa na waifai hiyo.

---

msafiri_wa_Maskati

192.168.1.37.

---

KitungaWaya

Umejijibu. Mtandao uliopo na mtandao wa Mombasa vina anwani sawa. 192.168.1.255 kwa laptopu yako sasa ni brodkasti ya chumba ulichomo, na inatumwa humohumo. Kwa data ya simu anwani ni nyingine, ndiyo maana inavuka.

Kwa ile njia ya SSH hutaumia, kwa sababu unazungumza na 10.8.0.1 na hiyo haigombani na mtu. Ila siku utakapotaka kufungua faili kwenye 192.168.1.20 utagonga mlango wa jirani. Ukirudi Mombasa ubadilishe namba za nyumba, chukua kitu kisichopendwa na viwanda vya ruta, mfano 192.168.73.0/24. Usibadilishe ukiwa mbali. Utajifungia nje.

---

nyuzi_na_nodi

Kwa faida ya wengine: wasio na Pi lakini wana ruta ya OpenWrt hawahitaji kununua kitu. Kuna `etherwake` kwenye vifurushi vyake:

```
etherwake -i br-lan -b 00:00:5e:00:53:20
```

Yenyewe haitumii UDP wala IP kabisa, inaweka baiti zilezile moja kwa moja kwenye fremu ya Etaneti yenye aina 0x0842. Kwa hiyo ukiitafuta kwa `udp port 9` kwenye tcpdump hutaiona na utadhani haijatoka. Tafuta `ether proto 0x0842`, utaona urefu 116, yaani 102 na 14 za kichwa cha fremu.

Na kama mtu anang'ang'ania kutuma moja kwa moja kutoka kwenye programu ya simu isiyojua SSH, kuna ujanja wa zamani. Chukua IP isiyo na mwenyewe, mfano 192.168.1.254, iitoe kwenye DHCP, weka kifurushi cha `ip-full` kama `ip` ya ruta haikubali `neigh replace`, na uifundishe ruta kwamba MAC yake ni ya brodkasti:

```
ip neigh replace 192.168.1.254 lladdr ff:ff:ff:ff:ff:ff dev br-lan nud permanent
```

Simu inatuma kwa .254, inavuka tuneli kama pakiti ya kawaida, ruta haiulizi ARP kwa sababu jibu limeshaandikwa, na kwenye waya inatoka ikiwa mbiu ya wote. Inapotea ruta ikiwashwa upya, kwa hiyo iweke kwenye `/etc/rc.local`.

---

Bi_Seva

Ujanja huo unafanya kazi, ila siupendi. Baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka kwa nini .254 ina MAC ya ajabu. Afadhali uandike MAC halisi ya kompyuta kwa IP yake halisi, na `nud permanent` ileile. Basi hata amri ya tatu ya Mshumaa ingefanya kazi siku zote.

---

nyuzi_na_nodi

Ya kwako ni safi zaidi kwa mashine moja. Ukiwa na nne, .254 moja inatosha zote. Halafu kernel mpya zina `bc_forwarding`, unawasha kwenye `all` na kwenye upande pakiti inapoingilia:

```
sysctl -w net.ipv4.conf.all.bc_forwarding=1
sysctl -w net.ipv4.conf.wg0.bc_forwarding=1
```

Hapo amri ya pili inavuka kama ilivyo.

---

KitungaWaya

Inavuka, mradi fayawoli nayo iruhusu kutoka wg0 kwenda eth0. Kwa kuwa ni wg0 tu na wenza unawajua, hatari ya Smurf ni ndogo. Hata hivyo mimi ningebaki na SSH: inanirudishia jibu kwamba amri imekimbia. UDP haikwambii kitu, unatuma na kukaa kimya kama uliyeongea na ukuta.

---

DogoKebo

Nimerudi. Nimezima kwa Shut down, nikasubiri nusu saa. Haijaamka. 😂 Nimeelewa. Ila nimejaribu na ya SSH kupitia ruta ya OpenWrt, nayo haijaamka. tcpdump kwenye laptopu nyingine ya nyumbani inaiona pakiti ya 0x0842 ikipita.

---

Bi_Seva

Basi mtandao umefanya kazi yake, tatizo limehamia kwenye mashine. Angalia taa za poti ya mtandao nyuma ya kompyuta ikiwa imezimwa. Zikiwa zimezima kabisa, kadi haina umeme. Ingia BIOS uzime ErP, na uwashe "Wake on LAN" au "Power On By PCI-E", jina linategemea ubao.

Taa zikiwaka na bado haiamki, upande wa Windows zima Fast Startup. Ile Shut down ya kawaida kwenye Windows 8 na kuendelea si kuzima kamili, ni aina ya kulala kwa diski, na Windows inaiacha kadi bila ruhusa ya kuamsha. Kisha Device Manager, "Wake on Magic Packet" iwe Enabled, na kama kadi ni Realtek kuna "Shutdown Wake-On-LAN", nayo iwe Enabled. Ukitaka kuhakiki kwa haraka kabla ya kugusa kitu:

```
shutdown /s /t 0
```

Hiyo inazima kikamilifu bila Fast Startup. Ikiamka baada ya hapo, umempata mchawi.

---

DogoKebo

Imeamka kwa hiyo. Fast Startup ndiyo.

---

Pwagu88

Na laptopu yangu je, iko kwenye waifai, haina hata tundu la waya. Inaamka?

---

KitungaWaya

Ikiwa imezimwa, hapana. Kadi ya waifai ingebidi ibaki imeunganishwa na ruta, ikiwa na nywila na funguo zake, na mashine iliyozimwa haiwezi hayo. Ikiwa imelala baadhi zinaweza. Usiitegemee.

---

Mshumaa_7

Wakuu, siku tisa baadaye narudi na jipya. Ilikuwa inaamka vizuri hadi jana. Jana umeme ulikatika mtaani kama saa mbili, ukarudi. Pi ikajiwasha yenyewe, tuneli ikasimama, SSH inaingia, amri inakimbia. Kompyuta haiamki. Nimempigia dogo aliye nyumbani, anasema taa za poti ya mtandao hazijawaka. Akaiwasha kwa kidole, akaizima, tangu hapo inaamka tena kwa amri. ErP imezimwa, nimehakikisha.

---

Bi_Seva

Hilo ni la ubao. Ruhusa ya kuamsha inaandikwa kwenye kadi na dereva wakati Windows inazima. Inakaa humo kwa umeme wa akiba. Umeme ukikatika ukutani, kadi inasahau, na ukirudi, ubao mwingine unaiandaa upya na mwingine hauiandai hadi mfumo uwake mara moja na kuzima.

Kwenye BIOS tafuta "Restore on AC Power Loss" uiweke Power On. Umeme ukirudi inajiwasha, halafu unaizima kwa mbali na ruhusa inaandikwa upya.

---

Mshumaa_7

Naogopa hiyo. Umeme wa kwetu ukirudi unarudi na kishindo, unakuja, unakata, unakuja tena ndani ya dakika moja. Sitaki diski iwe inawaka kwenye mchezo huo.

---

KitungaWaya

Ichomeke kwenye kile kifaa cha kulindia friji, kinachochelewesha umeme dakika kadhaa hadi utulie. Au UPS ndogo: kompyuta iliyozimwa inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo kukatika kwa saa mbili UPS inaweza kuubeba umeme wa akiba tu, na kadi haisahau. Ila isiwe imebeba na vitu vingine.

---

nyuzi_na_nodi

Sikubaliani kidogo na hilo la ubao. Yangu baada ya umeme kurudi taa za poti ZINAWAKA na bado haiamki hadi iwashwe mara moja. Kwa hiyo si umeme wa akiba tu. Nimeshaweka BIOS mpya, hali ileile.

---

Bi_Seva

Taa zinaonyesha kiungo kipo, hazionyeshi kwamba kadi imeambiwa isikilize. Ni Windows au Linux?

---

nyuzi_na_nodi

Linux. `ethtool` inasema `Wake-on: g` kila nikiangalia, na bila kukatika umeme inaamka vizuri tu.

---

Bi_Seva

Hiyo unaisoma ikiwa imewaka, tayari dereva kashaandika. Kinachotakiwa kujulikana ni hali ya kadi kati ya umeme kurudi na kuwaka kwa mara ya kwanza, na hapo huna pa kuandika amri. Kadi ipi na ubao upi? Mshumaa nawe weka vya kwako tulinganishe.

---

Mshumaa_7

Nitaandika Ijumaa nikifika Dar, jina la ubao silikumbuka.